CHOO CHA SOKO KWA SHILINGI MIA MBILI: TUPIGE HESABU YA UJENZI, MAJI, MSHAHARA WA MSAFISHAJI NA BEI YA MLANGONI

Leo tunaacha kidogo mambo ya kupiga picha za bidhaa na kutuma mizigo. Nataka tupange bei ya kitu ambacho wengi hatukifikirii kama biashara, nacho ni choo cha kulipia.

Najua wengi wenu mnauza mtandaoni, lakini mzigo wenu unakaa sokoni, au mnafunga oda kwenye kibanda, au mnashinda stendi mnasubiri basi la kupeleka mzigo mkoani. Kwa hiyo choo cha pale kinawahusu. Mimi nina duka dogo la nguo kwenye soko la mtaa lenye vibanda 40, na wateja wangu zaidi ya nusu wananitafuta kwa simu. Wafanyabiashara wenzangu walipotaka kujenga choo waliniambia, "Wewe unaandikaga mahesabu, hebu tutengenezee bajeti." Elimu yangu ni kidato cha nne, ukandarasi sijasomea. Nimeuliza fundi, nimemuuliza afisa afya wa kata, nimekaa na dada anayesafisha choo cha stendi ya jirani, halafu nikapiga hesabu kama ninavyopiga ya gauni.

Kwa nini ni muhimu? Choo cha stendi moja karibu na kwetu kilijengwa kizuri kabisa, kina vigae mpaka juu. Bei ya mlangoni ilikuwa mia. Mwaka haukuisha kikafungwa kufuli. Sasa hivi wanaume wanaenda nyuma ya ukuta, na akina mama wanaouza mboga wanakaa kutwa nzima bila kunywa maji ili wasibanwe. Watu wa kukitumia walikuwepo, tena wengi. Kilichokiua ni bei, kwa sababu iliwekwa kabla ya hesabu.

Bei nitakazotumia hapa ni makadirio ya kwetu. Kwenu zitatofautiana, kwa hiyo chukua njia ya kuhesabu halafu uweke namba zako.

ANZA NA KUHESABU WATU

Kabla hujaongea na fundi, hesabu watu. Hatukukaa kikao tukasema "watakuja watu mia tano". Tuliweka kijana mmoja kwenye njia ya kwenda vichakani na choo cha zamani cha shimo, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, kwa siku saba mfululizo. Kila anayepita anapigwa kijiti kwenye daftari, mwanaume upande huu, mwanamke upande ule. Siku saba ni lazima, maana siku ya gulio na Jumatatu hazifanani hata kidogo.

Wastani wetu ukawa watu 300 kwa siku. Ila usikimbilie kuzidisha 300 kwa bei, kwa sababu 60 kati yao walikuwa ni sisi wenyewe wenye vibanda pamoja na wasaidizi wetu. Mtu anayekwenda mara mbili kila siku ukimtoza kila safari, ataona anakamuliwa na atarudi vichakani. Tukakubaliana kila kibanda kilipe 5,000 kwa mwezi, basi. Vibanda 40 mara 5,000 ni 200,000 kwa mwezi. Wanaobaki, wale wa kulipa mlangoni, ni 240 kwa siku, sawa na 7,200 kwa mwezi wa siku 30.

Shika namba hizo mbili: 300 wanatumia maji, 240 wanalipa mlangoni. Ukizichanganya, bajeti yote inapinda. Ni sawa na kuhesabu waliouliza "bei gani?" kama vile ni watu walionunua.

UJENZI: HELA NYINGI IKO CHINI YA ARDHI

Kwa watu 300 tulichora matundu sita. Matatu ya wanawake, mawili ya wanaume pamoja na sehemu ya kukojolea ukutani, na moja la mtu mwenye ulemavu, lenye njia ya mteremko badala ya ngazi na mlango mpana wa kupita kiti cha magurudumu. Wanawake tumewapa matundu mengi kwa sababu kila safari yao inahitaji tundu, wakati wanaume wengi wanamalizia ukutani na kuondoka. Ukigawa sawa kwa sawa utaona foleni upande mmoja na uwazi upande mwingine.

Hii ndiyo bajeti ilivyokaa:

Msingi, kuta na plasta: 7,800,000
Mbao, bati na kupaua: 2,400,000
Mashimo mawili ya maji taka pamoja na mabomba yake: 5,000,000
Masinki ya kuchuchumaa, vigae, milango na sehemu ya kunawa: 4,200,000
Tenki la lita 5,000, mnara wake na mabomba ya maji safi: 3,200,000
Umeme na kibanda cha mkusanya pesa: 800,000
Ramani na kibali cha ujenzi: 600,000

Jumla ni 24,000,000. Juu yake weka asilimia kumi ya dharura, 2,400,000. Tunafika 26,400,000.

Angalia mstari wa mashimo. Milioni tano, sehemu ya tano ya ujenzi wote, na hakuna mteja atakayeiona. Ndiyo maana kwenye kikao watu wanapenda kukata hapo ili waongeze vigae. Msikubali. Shimo la kwanza ni la septiki, limejengwa na kupigwa plasta lisivujishe, lina ukuta wa kati. Uchafu mzito unatuama chini, maji yanapita kwenda shimo la pili, lile la kunyonyea, ambalo kuta zake zina matundu ili maji yaingie ardhini. Kwa matumizi yetu ya lita 2,000 kwa siku tuliweka septiki ya lita 10,000. Maji yakikaa humo siku kadhaa, uchafu unapata muda wa kutuama. Septiki ikiwa ndogo, maji yanapita na uchafu wake, yanaziba shimo la kunyonyea, na baada ya hapo hata ulete gari la kunyonya kila wiki, choo kitajaa tu.

Utajuaje kama ardhi yako inafaa? Chimba shimo la majaribio, tena wakati wa masika, sio kiangazi. Ukikuta maji karibu, fundi anataka kubaki na kama mita moja na nusu ya udongo mkavu kati ya kitako cha shimo la kunyonyea na maji ya ardhini. Pia liwe mbali na kisima, kipimo kinachotumika sana ni mita 30. Kama eneo lenu ni bondeni na maji yako juu, usilazimishe mpango huu. Hapo unahitaji tangi lisilovuja peke yake, na gharama ya kunyonya itapanda mara kadhaa, kwa hiyo bei ya mlangoni nayo itabadilika. Muulizeni afisa afya mapema kabla hamjanunua hata tofali moja.

Sasa hizo milioni 26.4 tunaziingizaje kwenye bei? Tuligawa kwa miaka kumi. Miaka kumi ni miezi 120, kwa hiyo ni 220,000 kila mwezi. Kwetu hela ilitoka kwa michango ya wenye vibanda bila riba, kwa hiyo hesabu inaishia hapo. Mkikopa, weka rejesho halisi la mkopo.

Kuna watu watasema, "Lakini sisi tumejengewa na mfadhili, hiyo 220,000 ya nini?" Ya milango, masinki, tenki na bati. Vitu hivyo vitachoka hata kama mlipewa bure, na mfadhili hatarudi kuvinunua. Waliojengewa wanaweza kuweka akiba pungufu ya hiyo, lakini sio sifuri.

MAJI: SIKU SITA ZINAZOKULA KULIKO ISHIRINI NA NNE

Mtu mmoja kwenye choo cha kumwagia kwa kopo anatumia kama lita mbili mpaka nne kusukuma, lita moja na kitu kujisafisha, na nusu lita mpaka lita moja kunawa mikono. Anayekojoa ukutani anatumia kidogo zaidi. Sisi tulichukua wastani wa lita 6. Mara watu 300 ni lita 1,800. Ongeza ndoo kumi za lita 20 za kudekia, ambazo ni lita 200. Jumla lita 2,000 kwa siku.

Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000. Kwa hiyo tunatumia uniti mbili kwa siku, 60 kwa mwezi. Tukiweka 2,000 kwa uniti pamoja na tozo zake, bili ni 120,000. Wengi wanaishia hapo na kuandika 120,000 kwenye bajeti.

Sasa jiulize, kwenu maji yanatoka kila siku? Kwetu hapana. Tenki letu la lita 5,000 linatuvusha siku mbili na nusu za mgao. Ikizidi hapo tunanunua boza. Boza la lita 5,000 tunalipata kwa 60,000, maana yake ni shilingi 12 kwa lita. Maji ya bomba ni shilingi 2 kwa lita. Mara sita!

Tuchukue mwezi wenye siku sita za kutegemea boza. Lita 2,000 mara siku sita ni lita 12,000, na kwa shilingi 12 ni 144,000. Siku 24 zilizobaki ni uniti 48, kwa 2,000 ni 96,000. Jumla 240,000. Umeona? Siku sita za boza zimekula hela nyingi kuliko siku 24 za bomba, na bili imekuwa mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Hii ndiyo sehemu inayoua vyoo vingi. Mkusanya pesa anaona hela haitoshi boza, anafunga "kwa muda", wateja wanazoea njia ya vichakani, na hawarudi haraka.

Kama nafasi ipo, tenki la pili linaweza kujilipa lenyewe. Ukipunguza siku za boza kutoka sita hadi tatu, unaokoa 60,000 kila mwezi, kwa sababu unabadilisha lita 6,000 za shilingi 12 kwa lita 6,000 za shilingi 2. Linganisha na bei ya tenki dukani kwenu utajua ni miezi mingapi.

MSAFISHAJI: KWA NINI MMOJA HATOSHI

Hapa ndipo kikao chetu kilichemka. Wengi walisema, "Tuajiri mtu mmoja, 250,000, akae mlangoni na asafishe." Nikawaomba tuhesabu saa.

Choo kinafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Ni saa 14 kwa siku, mara siku saba ni saa 98 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Saa 98 ni zaidi ya watu wawili. Mtu mmoja akifanya peke yake, ama atakuwa anafunga mchana akapumzike, ama atachoka aache kusafisha, ama atamweka mdogo wake mlangoni ambaye hamumjui.

Tukapanga hivi. Wafanyakazi wawili kwa zamu, wa kwanza saa 12 asubuhi mpaka saa 7 mchana, wa pili saa 7 mpaka saa 2 usiku. Kila mmoja saa 7 kwa siku, siku sita, jumla saa 42 kwa wiki. Siku zao za mapumziko zinashikwa na mtu wa akiba, anayelipwa 10,000 kwa zamu.

Mishahara ya wawili, 250,000 kila mmoja: 500,000
Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10: 50,000
Mtu wa akiba, zamu kama 9 kwa mwezi: 90,000
Akiba ya kulipia mtu wa akiba wakati wa likizo: 40,000

Jumla 680,000. Hiyo ya likizo msiiruke. Mfanyakazi ana haki ya siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka. Ndani ya siku 28 kuna zamu 24, kwa watu wawili ni 48, mara 10,000 ni 480,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa 12 ndiyo hiyo 40,000. Usipoiweka kando kila mwezi, mwezi wa likizo utalipia kwa hela ya maji. Na kabla hujaandika mshahara, angalia kima cha chini cha sekta yako kinachotumika sasa, maana huwa kinabadilishwa.

Yule dada wa stendi aliniambia neno moja nikaliandika: "Watu wanalipia harufu, kaka. Wakisikia harufu nje, hata mia hawatoi." Kwa hiyo kwenye zamu tuliandika kazi kwa saa: kumwagia na kupiga brashi kila baada ya saa moja, kudeki mara tatu kwa zamu, kumwaga ndoo za taka upande wa wanawake kabla hazijajaa. Ndoo hizo ziwe na vifuniko na kila tundu la wanawake liwe nayo. Zisipokuwepo, pedi zinakwenda kwenye sinki, bomba linaziba, na fundi wa kuzibua ni ghali kuliko ndoo.

GHARAMA NDOGO NDOGO

Kwa mwezi, sabuni, dawa ya kuua vijidudu, brashi, glovu na buti tumeweka 100,000. Umeme 20,000. Matengenezo madogo ya koki, vitasa na balbu 60,000.

Kunyonya septiki tumekadiria mara tatu kwa mwaka. Kila mara ni safari mbili za gari kwa 120,000, yaani 240,000. Mara tatu ni 720,000 kwa mwaka, sawa na 60,000 kwa mwezi. Hela hii iwekwe pembeni kila mwezi hata kama gari haliji, kwa sababu likija linataka yote kwa mpigo.

BEI YA MLANGONI

Tukusanye:

Maji: 240,000
Wafanyakazi: 680,000
Vifaa vya usafi: 100,000
Umeme: 20,000
Kunyonya septiki: 60,000
Matengenezo madogo: 60,000

Kuendesha ni 1,160,000 kwa mwezi. Ongeza 220,000 ya jengo, tunapata 1,380,000.

Toa 200,000 ya wenye vibanda. Inabaki 1,180,000 ya kutoka mlangoni. Gawa kwa 7,200. Jibu ni shilingi 164 kwa mtu. Hiyo ndiyo gharama ya safari moja, kabla ya akiba yoyote.

Sasa tupime bei tatu.

Mia moja. Mlangoni 720,000, na vibanda 200,000, jumla 920,000. Kuendesha peke yake ni 1,160,000. Pungufu ni 240,000 kila mwezi, hata kabla ya kurudisha senti ya jengo. Angalia vizuri, upungufu huo ni sawa na bili nzima ya maji. Maana yake ukitoza mia, unaendesha choo ambacho hakiwezi kulipia maji. Nadhani sasa mmeelewa yule wa stendi alifungaje.

Mia mbili. Mlangoni 1,440,000, jumla 1,640,000. Ukitoa 1,380,000 inabaki 260,000. Inaonekana faida nono, lakini sio faida. Masika watu wanapungua sokoni. Wakishuka mpaka 180 kwa siku, mlangoni mnapata 1,080,000, jumla 1,280,000, na mnapungukiwa 100,000. Ukichukua miezi minane mizuri na minne ya mvua, mwaka unabaki na 1,680,000. Hiyo ndiyo inayomeza bei za sabuni zikipanda, pampu ikiungua, au wiki mbili za boza mfululizo. Kwa mia mbili tunahitaji watu 197 kwa siku ili tusiingie hasara, na sisi tuna 240. Nafasi ipo ila sio kubwa.

Mia tatu. Hapa hesabu inakutega. Ukigawa 1,180,000 kwa 300 unahitaji watu 132 tu kwa siku. Hata wateja 100 wakikimbia bado mnaponea! Kama lengo ni hela peke yake, mia tatu inashinda. Lakini hao 100 waliokimbia hawaachi kubanwa. Wanakwenda nyuma ya vibanda vyetu, na harufu inamfuata mteja mpaka dukani. Tulijenga choo ili vichaka viishe, kwa hiyo bei inayorudisha watu vichakani inaua kazi yenyewe. Tukachagua mia mbili.

Mia mbili ina faida nyingine ndogo: ni sarafu moja. Mia na hamsini ingetosha kuendesha ila ingekosa jengo, na mlangoni mngeshinda mnatafuta hamsini za chenji. Watoto wadogo walio na wazazi wao tumesema waingie bure. Hatukuwahesabu kwenye wale 240, kwa hiyo hawapunguzi kitu.

MITA YA MAJI NI MKAGUZI WAKO

Bei nzuri haisaidii kama hela haifiki benki. Tumechapisha tiketi zenye namba. Mteja anapewa tiketi, kishina kinabaki. Anayemaliza zamu na anayeingia wanasaini namba ya mwisho na hela iliyopo mezani. Ada ya vibanda haipiti mlangoni kabisa, inalipwa kwa lipa namba ya soko.

Ila tiketi peke yake haikuambii kama kuna mtu aliingia bila tiketi. Hapo tunatumia maji. Tulifunga mita ndogo kwenye bomba linalotoka kwenye tenki, sio lile linaloingia, kwa sababu linaloingia linajaza tenki hata usiku na litakuchanganya. Kila jioni tunasoma. Tuseme leo imetembea lita 2,000. Toa 200 za kudekia, zinabaki 1,800. Gawa kwa 6, ni kama watu 300. Toa 60 wa vibanda, tiketi ziwe karibu na 240. Zikiwa 225 au 250 usigombane na mtu, lita 6 ni wastani tu. Zikiwa 150 siku tatu mfululizo, kuna kitu.

Kabla hujamnyooshea mtu kidole, angalia kama maji yanavuja. Soma mita mkifunga saa 2 usiku, soma tena saa 12 asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Ikiwa imetembea wakati hakuna mtu, koki inavuja au bomba limepasuka, muite fundi. Ikiwa imesimama palepale, tatizo ni la mchana. Hapo ndipo mnaanza kukaa na watu wa zamu na vishina vyao. Njia hii inamlinda pia mfanyakazi mwaminifu, kwa sababu namba zake zinaongea kabla majungu hayajaanza.

Mkishafungua, rudieni kuhesabu kila baada ya miezi mitatu: watu wangapi, boza ngapi, gari la kunyonya limekuja mara ngapi. Gari likianza kuja kila mwezi badala ya mara tatu kwa mwaka, shimo la kunyonyea limeanza kuziba au maji ya ardhini yanaingia. Hilo ni la fundi, msilitibu kwa kupandisha bei.

Na ukiwa sehemu watu wanaolipa ni 100 kwa siku, usinakili matundu yangu sita na zamu zangu mbili. Kwa mia mbili watu 100 wanaleta 600,000 kwa mwezi, na mishahara yangu tu ni 680,000. Hapo jengeni matundu mawili au matatu, fungueni saa chache, au vibanda vichangie zaidi. Anza na daftari la kuhesabu watu, siku saba, ndipo umwite fundi.